Fomula ni sahihi, namba zimetoka wapi?

Nafundisha hisabati sekondari hapa Mbeya, na kwenye takwimu kuna aina moja ya jibu inayogombanisha walimu kuliko zote. Mwanafunzi ameandika fomula ya mediani bila kosa hata la alama moja, kisha chini yake akapachika namba zisizo zake. Mwalimu mmoja anasema fomula ipo, mpe maksi za njia. Mwingine anasema jibu si sahihi, weka mkasi. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, na nitaeleza kwa swali moja.

Tuchukue magunia 40 ya viazi mviringo, yale ya lumbesa tunayoyaona yakishushwa soko la Mwanjelwa, yamepimwa kwa kilo zilizokaribishwa kwenye kilo nzima:

```
Uzito (kg)   Magunia   Limbikizi
101-105         4          4
106-110         7         11
111-115        12         23
116-120        10         33
121-125         5         38
126-130         2         40
```

Fomula tunayofundisha ni hii:

```
Mediani = L + ((N/2 - nb) / nw) * i
```

N ni jumla ya magunia, na nusu ya 40 ni 20. Ukishuka kwenye safu ya limbikizi, gunia la 20 linaangukia kundi la 111–115. Chini ya kundi hilo yapo magunia 11, ndiyo nb, ndani yake yapo 12, ndiyo nw. Kwa kuwa uzito umekaribishwa, kundi halianzi 111 bali 110.5, ndiyo L, wala haliishii 115 bali 115.5, kwa hiyo upana wake, yaani i, ni 5. Tunahitaji magunia 9 kati ya yale 12, yaani tunatembea robo tatu ya upana wa kundi: 110.5 + 3.75 = 114.25 kg.

Angalia kazi yenyewe imefanyika wapi. Fomula imekaririwa tangu usiku wa kuamkia mtihani. Kazi iko kwenye kusoma jedwali: kujua kundi ni lipi, linaanzia wapi, yapi yako chini yake na yapi yamo ndani. Ndiyo maana kwenye mwongozo wangu wa maksi 6, fomula ina nusu maksi tu. Safu ya limbikizi ina 1, kutambua kundi 1, kila moja ya namba nne za kupachika nusu, kukokotoa 1, jibu na kizio chake nusu. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, nusu kwa fomula ni uchoyo." Nikamwomba anionyeshe maksi nyingine inayopatikana bila mtoto kuliangalia jedwali hata mara moja. Hakuipata, ingawa hadi leo yeye anaipa fomula 1.

Kabla sijashika kalamu nyekundu, nakokotoa majibu ambayo makosa ya kawaida yatazaa, nayaandika pembeni mwa mwongozo. Aliyeweka L kuwa 111 atapata 114.75. Aliyechukua upana kuwa 4, kwa kutoa 111 kwenye 115, atapata 113.5. Aliyeweka nb kuwa 7, yaani kundi lililotangulia peke yake badala ya yote yaliyo chini, atapata 115.92. Aliyeweka nb kuwa 23, kwa kusoma limbikizi ya mstari uleule wa kundi, atapata 109.25. Na aliyeweka 23 hiyohiyo mahali pa nw atapata 112.46.

Orodha hiyo fupi inafanya zaidi ya kuharakisha kazi. Majibu ya 115.92 na 109.25 yako nje ya kundi ambalo mwanafunzi mwenyewe ameliandika mstari wa juu. Ametuambia mediani imo kati ya 110.5 na 115.5, halafu anatupa namba iliyotoka nje ya uzio wake mwenyewe. Kwa hao, hata kama hesabu ya kikokotozi haina kosa, natoa nusu tu ya maksi ya kukokotoa, kwa sababu jibu linapingana na maandishi yao. Aliyepata 109.25 anabaki na 4½: amekosa nusu ya nb, nusu ya kukokotoa na nusu ya jibu. Aliyepata 112.46 hakuwa na ishara yoyote ya kumshtua, jibu lake limekaa ndani ya kundi vizuri kabisa. Huyo anakosa nusu ya nw na nusu ya jibu, anapata 5.

Sasa tuje kwenye jibu linalonifanya nisisahihishe kamwe kwa kuangalia mstari wa mwisho. Wanafunzi wawili wote wameandika 114. Wa kwanza kapachika hivi:

```
111 + ((20 - 11) / 12) * 4 = 114
```

Wa pili kapachika hivi:

```
115.5 + ((20 - 23) / 10) * 5 = 114
```

Jibu ni moja, tena liko karibu sana na 114.25, na msahihishaji aliyechoka anaweza kuwapa wote maksi sawa. Wa kwanza ana namba mbili zisizo sahihi, 111 na 4, lakini zote zimetoka kwenye kosa moja: amelichukua kundi kama lilivyochapwa, bila mipaka halisi. Mtoto aliyekosea jambo moja hapaswi kukatwa mara mbili. Namkata nusu ya L, namwachia nusu ya i, namkata nusu ya jibu, anapata 5. Kundi analijua, maana ya nb na nw anazijua.

Wa pili, ukihesabu namba peke yake, anaonekana bora: 115.5, 23, 10 na 5 zote ni sahihi kwa kundi la 116–120. Tatizo ni kwamba hilo si kundi la mediani. Alama ya kutoa iliyotokea pale 20 − 23 ilikuwa inamwambia wazi kwamba magunia 20 yameshatimia kabla ya kundi hilo, arudi juu mstari mmoja. Namba zake nne nazikubali kwa sababu zinalingana na kundi alilochagua, ila anakosa 1 ya kundi, nusu ya kukokotoa kwa kutoka nje ya kundi lake, na nusu ya jibu. Anabaki na 4. Pembeni nazungushia ile −3 na kuandika "magunia hasi?", kwa sababu hapo ndipo angeweza kujisahihisha mwenyewe.

Yapo pia makosa ya kunakili, na haya nayashika kwa njia nyingine. Mwanafunzi akiandika 21 badala ya 12 kwenye jedwali lake, jumla yake inakuwa 49, nusu yake 24.5, na mediani inatoka 113.71. Nafuata namba zake mpaka mwisho, nakokotoa naye. Zikilingana, kosa ni la jicho. Lakini swali lilisema magunia ni 40, kwa hiyo 49 ilitosha kumsimamisha. Hapo anakosa nusu kwenye safu ya limbikizi na nusu ya jibu. Kama swali lisingetaja jumla, ningemkata nusu ya jibu peke yake. Ndiyo sababu siku hizi ninapotunga swali la jedwali naandika jumla kwenye maelezo, nisije nikabaki nakisia kama mtoto alikuwa na namna ya kujua.