Kwa nini uji huungua na maji hayaungui

Ukisahau sufuria tupu ya alumini juu ya jiko la mkaa uliokolea, utaikuta imepinda, na pengine imetoboka kitako. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na mkaa uliowaka hadi kuwa rangi ya chungwa huwa umepita 800. Sufuria hiyohiyo ukiitia lita mbili za maji na kuiweka juu ya moto uleule, kitako chake kitabaki juu kidogo tu ya nyuzijoto 100 hadi maji yakauke. Ila ukipikia uji bila kukoroga, chini huungua. Moto ni mmoja na sufuria ni moja, kwa hiyo tofauti iko kwenye njia ambazo joto linapita. Tulifuate tangu kwenye mkaa.

Mkaa na kitako cha sufuria vina nafasi kati yake, na sehemu kubwa ya joto huivuka kwa mnururisho, yaani kwa mionzi, kama lile la jua linavyotufikia pasipo hewa njiani. Kaa pembeni mwa jiko, hatua moja hivi, usoni utahisi joto. Hilo halikuletwa na hewa, kwani hewa ya moto inapanda juu, haiji kwako. Kinga uso kwa mfuniko na joto litakatika papo hapo. Kwa kuni mambo ni tofauti kidogo: ndimi za moto na gesi zake hupanda zenyewe na kukilamba kitako. Ndiyo maana upepo ukivuma kwenye mafiga, chakula huchelewa. Ndimi zinapeperushwa pembeni, lakini mionzi haipeperushwi.

Joto likishafika kwenye kitako, hupenya chuma kwa mpitisho: chembe zinazotetemeka huzisukuma jirani zake, nazo hazihami. Alumini ni hodari sana kwa kazi hii, hata mara 200 kuliko udongo wa chungu. Upawa wa alumini ukiachwa ndani ya sufuria utakuunguza vidole, wakati mwiko wa mti unaushika bila taabu.

Maji ni mabovu kwa mpitisho. Yakitulia tuli, hupitisha joto mara 400 hivi chini ya alumini. Kinachoyaokoa ni myuko. Maji ya chini yakipata moto hutanuka, huwa mepesi, hupanda. Ya juu yaliyo baridi ni mazito zaidi, hushuka kuchukua nafasi yao. Tia chembe chache za majani ya chai, kisha sogeza sufuria moto uguse upande mmoja tu. Utaziona zikipanda upande ule, zikivuka juu, zikishuka upande wa pili. Kwa mzunguko huo kitako hupata maji mapya kila wakati, na hakipati nafasi ya kuwa moto kupita kiasi.

Sasa mimina unga uliokorogwa kwa maji baridi. Kwa muda myuko unaendelea kama kawaida. Zikifika nyuzijoto 65 hadi 70 hivi, punje za wanga hufyonza maji, huvimba na kugusana, na uji huwa mzito. Uzito huo ndio unaoua myuko: uji wa chini unapata moto lakini hauwezi kupanda. Joto limebakiwa na mpitisho peke yake, tena ndani ya kitu kisichopitisha vizuri. Tabaka la chini hukauka, na likishakosa maji hakuna cha kulizuia kupita nyuzijoto 100. Hapo ndipo linaposhika na kuungua.

Dalili utaiona kabla ya kunusa. Uji uliokuwa ukizunguka hutulia, kisha mapovu machache makubwa hupasuka pu! pu! na kurusha matone. Huo ni mvuke ulionaswa chini ukitafuta pa kutokea, na tone lake huunguza vibaya kwa sababu hung'ang'ania ngozi. Punguza moto hapohapo, ukoroge hadi kwenye kitako. Mwiko umechukua kazi ya myuko: unautoa uji wa chini na kuupeleka juu. Kukoroga juujuu hakusaidii chochote, kwa kuwa tabaka linaloungua halijaguswa. Ugali ni hivyohivyo, ila ni mzito zaidi, na ndiyo maana husongwa kwa nguvu.

Wali haukorogwi, utapondeka. Maji yakishakauka, myuko umekwisha. Kilichobaki ni mpitisho kutoka chini na mvuke kidogo kati ya punje. Wapishi wetu walilitatua hili kwa kupalia: makaa mengi hutolewa jikoni na kuwekwa juu ya mfuniko. Mfuniko hupata moto, nao huushushia wali mionzi kutoka juu, kule ambako joto la chini lingechelewa kufika. Makaa machache yanayobaki chini yanatosha. Ukiyaacha mengi, ukoko utapita rangi ya dhahabu na kuwa mweusi, na harufu yake itapanda na mvuke hadi kwenye wali wote.