Kibwagizo cha Biashara kwa Programu ya Kuzalisha Muziki: Leseni ya Msimbo na Leseni ya Modeli ni Vitu Viwili

Mama mmoja anayesindika achari ya embe mjini Morogoro alihitaji kibwagizo cha sekunde 12, jingo kama watu wa redio wanavyokiita, cha kutangulia tangazo lake. Mtoto wa kaka yake, ambaye anasomea kompyuta, alimtengenezea kwa kutumia MusicGen, programu ya kampuni ya Meta iliyotolewa mwaka 2023, ambayo mtu huipakua kwenye kompyuta yake, akaandika maelezo ya muziki anaoutaka na kupewa faili la sauti. Alipomkabidhi alimwambia, "Shangazi, hii ni bure kabisa, na leseni nimeisoma." Ni kweli alikuwa ameisoma, ila aliyoisoma ni moja kati ya mbili, na ile ambayo hakuifikia ndiyo iliyohusu tangazo la achari.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa kijana huyu aliifanya vizuri. Hakuandika "muziki mzuri wa tangazo", maneno ambayo hayaielezi programu chochote, bali alitaja ala, mwendo na namna ya kumalizia. Aliandika kwa Kiingereza kwa sababu MusicGen ilifundishwa kwa maelezo ya Kiingereza na haifanyi vizuri ikipewa lugha nyingine:

```
cheerful oud and violin melody, hand drums, light claps,
120 BPM, clear ending, instrumental
```

Shangazi yake alitaka ladha ya taarabu. Jaribio la kwanza, ambalo lilikuwa na neno hilo peke yake, lilitoa kitu kisichofanana na taarabu hata kidogo, na jambo hili halishangazi, kwa kuwa watengenezaji wenyewe wanakiri kwamba programu haitendi sawasawa kwa muziki wa tamaduni zote. Dawa yake ni kutaja ala zinazofanya taarabu isikike kama taarabu, yaani udi, fidla na ngoma za mkono, badala ya kutegemea jina la mtindo.

Mwendo wa 120 nao una hesabu nyuma yake. Mapigo 120 kwa dakika ni mapigo mawili kwa sekunde, kwa hiyo kipimo kimoja cha mapigo manne huchukua sekunde 2, na vipimo sita hutimiza sekunde 12 bila kubaki na nusu. Ukiiagiza programu sekunde 12 kamili, mara nyingi muziki hukatika ghafla kama redio iliyozimwa, kwa sababu hata ukiandika kwamba unataka mwisho ulio wazi, si lazima programu iutii. Ni vyema kuagiza sekunde 15, kisha kulifungua faili katika programu ya kuhariri sauti kama Audacity, kutafuta pigo la kwanza la kipimo cha saba, kukata hapo, na kuififisha sauti katika nusu sekunde ya mwisho. Kijana alitoa nakala nane na kuzisikiliza kwa spika ya simu, si kwa vipokea sauti vya masikioni, maana wasikilizaji wengi wa tangazo watalisikia kwa spika ndogo. Nakala mbili ambazo udi wake ulikuwa umezama chini ya ngoma aliziacha. Maneno ya tangazo aliyasema shangazi mwenyewe, yakarekodiwa na kuwekwa juu ya muziki, kwani nyimbo zilizoifundisha MusicGen ziliondolewa sauti za waimbaji na kwa hiyo haiwezi kuimba maneno yanayoeleweka.

Sasa tuje kwenye leseni. Msimbo wa MusicGen, yaani maagizo ya kompyuta yanayoiendesha, umetolewa kwa leseni ya MIT, ambayo inaruhusu matumizi ya karibu kila aina, biashara ikiwemo. Hiyo ndiyo aliyoisoma kijana. Lakini msimbo peke yake hautoi hata noti moja. Muziki unatoka kwenye modeli, lile faili kubwa lililobeba yote ambayo programu ilijifunza kwa kusikiliza nyimbo, na modeli hiyo ina leseni yake, ambayo kwenye ukurasa wa kuipakua imeandikwa hivi:

```
license: cc-by-nc-4.0
```

Herufi za kutazama ni `nc`. Maana yake ni kwamba matumizi yenye lengo kuu la faida ya kibiashara au malipo ya fedha hayaruhusiwi. Wapo wanaojitetea kwamba sharti hilo linaifunga modeli tu na haliigusi sauti iliyotoka ndani yake. Sishauri mfanyabiashara aegemee hoja hiyo, kwa kuwa kitendo chenyewe cha kuiendesha modeli ili kupata tangazo la bidhaa ni matumizi ya modeli kwa biashara.

Tulichomshauri ni kurudia kazi kwa maelezo yaleyale katika Stable Audio Open 1.0 ya kampuni ya Stability AI, ambayo hutoa sauti ya hadi sekunde 47. Hii ni bora zaidi kwa vipande vifupi na milio kuliko kwa nyimbo nzima, na kwa kibwagizo hilo halidhuru. Leseni yake ya jamii inaruhusu biashara bila malipo kwa mtu au kampuni ambayo mapato yake ya mwaka hayafikii dola milioni 1 za Marekani, na muuza achari yuko mbali na kiwango hicho.

Wanaotumia huduma za mtandaoni kama Suno wanapaswa kutazama jambo jingine, nalo ni kifurushi walichokuwa nacho siku wimbo ulipotengenezwa. Wimbo uliotengenezwa kwa kifurushi cha bure ni wa matumizi yasiyo ya biashara, na kulipia baadaye, hata kama ni kesho yake, hakuurudishii wimbo huo ruhusa. Kosa hili tunakutana nalo mara kwa mara, kwa sababu watu hujaribu bure, wakaupenda wimbo, ndipo wakalipa. Anayelipia autengeneze upya akiwa ndani ya kifurushi cha kulipia, ahifadhi risiti, na apakue nakala ya masharti ya siku hiyo, kwa kuwa masharti hubadilishwa.

Linabaki suala la umiliki, ambalo ni tofauti na ruhusa. Masharti mengi husema kwamba sauti ni mali yako, lakini huongeza maneno "kwa kadiri sheria inavyoruhusu", na maneno hayo ni mazito. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, katika ripoti yake ya Januari 2025, ilieleza kwamba maelezo ya maandishi peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtunzi wa kilichozalishwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa upande wake, inamtambua kuwa mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta yule aliyefanya maandalizi ya lazima ya kuizalisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ruhusa kamili ya kukitangaza kibwagizo chake na bado akakosa nguvu ya kumzuia mshindani anayepiga muziki uleule. Maneno ya tangazo aliyoyatunga shangazi na sauti yake aliyoirekodi havina utata huo, na ndiyo maana tulimshauri jina la achari litamkwe ndani ya kibwagizo, katika sekunde 4 za mwisho, badala ya kuachiwa mtangazaji alisome baadaye.