Picha ya funza peke yake haitoshi: dhana potofu na ukweli wake

Msimu huu kuanzia Januari mahindi yakifika magotini, simu zinajaa picha za viwavi. Kiwavi kashikwa kiganjani, chini imeandikwa "msaada wadau huyu ni nani na dawa yake nini", basi, hakuna kingine. Majibu yanamiminika, kila mtu na jina lake na dawa yake, na anayeumia ni yule aliyeuliza kwa sababu kesho asubuhi anaenda dukani na hela yake.

Dhana: picha ikiwa kali, mtaalamu anaona kila kitu

Hapana. Huku nyanda za juu kwenye mahindi kuna wadudu wanne wanaochanganywa sana: kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini 2017, kiwavijeshi wa Afrika ambaye tuko naye tangu zamani, funza wa mabua, na sota anayekata miche usiku. Wengi wameambiwa angalia kichwani, ukiona alama ya Y iliyogeuzwa basi ni vamizi. Shida ni kwamba mstari huo viwavi wengi wanao, kwa vamizi unang'aa tu zaidi. Inayosaidia zaidi ni madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba juu ya pingili ya pili kutoka mwisho, halafu unayaangalia pamoja na hiyo Y, sio kimoja kimoja. Sasa picha nyingi kiwavi kajikunja, au kichwa kimezama kwenye jani, mkiani ndo kabisa hakuonekani, na kama ni mdogo hayo madoa bado hayajakolea hata upige na kamera ya harusi.

Hata wanasayansi picha zimewahi kuwafikisha nusu njia. Kipunji, yule nyani wetu wa Rungwe na Kitulo, 2005 alitangazwa kwa picha, na wakamweka kundi la mangabe. Akaja kupatikana mmoja ambaye hajakomaa amekufa kwenye mtego, shambani kwa mtu, kwenye mahindi hayo hayo, wakampima vizuri, 2006 akapewa kundi lake peke yake. Na hao walijua mahali na walimfuatilia porini, wewe una picha moja ya kiganja!

Dhana: ukubwa si unaonekana kwenye picha

Hauonekani. Simu za sasa ukisogeza karibu, kiwavi wa nusu sentimita anajaa kioo chote anaonekana kama nyoka. Na ukubwa ndo unaoamua kama dawa ina maana au haina. Vamizi anatoka kwenye yai akiwa na milimita mbili hivi, anakua mpaka sentimita tatu na kitu, na sehemu kubwa ya ulaji wake anaifanya siku za mwisho mwisho. Akiwa chini ya sentimita moja yuko juu juu, anakwangua jani linabaki kama karatasi ya nailoni, hapo ukipuliza unampata. Akishakua anashuka kwenye moyo wa mhindi na kinyesi chake kinaziba juu, unapuliza bomba zima dawa inaishia kwenye uchafu. Kwa hiyo weka njiti ya kiberiti au rula pembeni yake ndo upige. Kiganja hakisaidii, viganja havilingani.

Dhana: mahindi ni mahindi, mahali hakuna maana

Hapa nataka nieleze kwa kesi moja maana ndo panapowakosesha wengi. Mama mmoja wa Mbozi alituma picha ya funza mwenye rangi ya pinki iliyofifia, kichwa cha kahawia. Watu wakamjibu kiwavijeshi, kiwavijeshi, mmoja mpaka kamtajia dawa ya kuchanganya na nyingine. Nikampigia. "Shikamoo mama, huyo mdudu umemtoa wapi?" Akasema marahaba mwanangu, nimemtoa shambani. Shambani sawa, lakini kwenye mhindi sehemu gani? Akasema "nilipasua bua, yumo ndani."

Hapo tu picha ikabadilika. Nikamuuliza majani yana matundu ya aina gani, akasema madogo madogo yamepangana mstari kukatiza jani. Nikamwambia shika jani la katikati lililonyauka uvute, akalivuta likachomoka lote, chini limeoza. Huyo ni funza wa mabua. Vamizi angeacha matundu makubwa yaliyochanika ovyo na kinyesi kibichi kingi juu kwenye moyo wa mmea. Na Mbozi ni baridi, ni juu, huko funza wa mabua wa kawaida ni huyu wa pinki, wakati ukishuka Kyela kwenye joto unatarajia zaidi yule mwenzake wa madoadoa. Kwa hiyo ukisema "mahali" usiishie kwenye wilaya, sema na sehemu ya mmea, kama ni jani, moyo, bua, gunzi au udongoni, na sema kama ni mhindi mmoja mmoja au mpaka nyasi za pembeni zimeliwa. Hii ya nyasi ni muhimu sana, maana viwavi weusi wakitembea kwa makundi kutoka malishoni kuingia shambani hiyo ni dalili ya kiwavijeshi wa Afrika, na hapo humalizi peke yako na bomba lako, unampigia afisa ugani siku hiyo hiyo.

Dhana: nikiuliza "huyu nani" nimeshamaliza

Jina bila sababu halikupeleki popote. Yule mama nilipomuuliza unataka kufanya nini akasema kesho naenda Vwawa kununua dawa. Sasa funza akishaingia ndani ya bua dawa ya kupuliza haimfikii, ile hela ingepotea. Tukakubaliana ang'oe yale yaliyokauka kiini ayachome au ayafukie chini kabisa, halafu akague yaliyobaki, kama kuna yenye matundu ya mstari na funza bado wadogo juu kwenye moyo, hayo ndo anayoweza kuyaokoa kwa dawa. Akanitajia na kitu ambacho hakikuwepo kwenye picha, kwamba mabua yake akishavuna anajengea uzio wa bustani. Funza huyu kiangazi kizima analala ndani ya bua kavu, mvua zikianza anageuka nondo anarudi shambani, yaani uzio wake ndo ulikuwa ghala la wadudu. Nikamwambia akishavuna mabua alishe ng'ombe au ayakate ayafukie, yasisimame mpaka Novemba.

Angeniambia ni mahindi ya kuchoma anavuna wiki ijayo, ningemjibu tofauti kabisa, ningemwambia usipulize chochote, maana dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kula na zimeandikwa kwenye chupa. Na mtu akituma picha ya uyoga wa Iringa, kama anauliza kwa kupenda tu kujua naweza kubahatisha kundi, akisema anataka kuupika simpi jina hata picha iwe nzuri vipi, namwambia usile.

Ukituma, tuma picha tatu: mdudu na njiti pembeni, mkia wake kwa juu, na mmea mzima ulivyoharibika. Chini andika kijiji, mhindi una urefu gani, umemtoa sehemu gani, na unataka kufanya nini.