Je, wajua? Nambari inayotokea juu kabisa Google si lazima iwe ya benki yako

*"Nikitafuta Google nambari ya huduma kwa wateja ya benki yangu, nitajuaje ni ya kweli kabla sijawapa habari za akaunti?"*

Ilinganishe na nambari ambayo haikutoka Google: ile iliyochapishwa nyuma ya kadi yako ya ATM, iliyo ndani ya programu ya benki kwenye simu, au utakayopewa na karani ukifika tawini. Zikitofautiana hata tarakimu moja, piga ya kwenye kadi. Jibu ni fupi hivyo, ila ukijua nambari ya uongo inavyofika pale juu utaelewa kwa nini macho peke yake hayatoshi.

Nimepokea simu za wateja wa benki hapa Nairobi kwa miaka sita. Kisa kilichonifundisha zaidi hakikunifikia kazini lakini. Kilimpata shangazi yangu, anayeuza mitumba Gikomba. Ijumaa moja jioni alikosea neno la siri mara tatu, programu ya benki ikajifunga. Alikuwa na mzigo wa kulipia kesho yake alfajiri, na tawi lilikuwa limeshafungwa. Akaandika Google jina la benki na maneno "customer care", akabonyeza nambari ya kwanza aliyoiona. Simu iliita mara moja ikakatika, kisha baada ya dakika moja akapigiwa na kijana mwenye adabu nyingi.

"Pole sana mama, tutakufungulia sasa hivi," akamwambia. Akauliza jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya akaunti. Shangazi akatoa vyote. Halafu kijana akasema, "Utapata ujumbe wenye tarakimu sita. Nisomee."

Ujumbe ukaingia. Shangazi husoma polepole, na hilo ndilo lililomwokoa. Kabla ya zile tarakimu sita uliandikwa kwamba nambari hiyo ni ya kusajili kifaa kipya. Akamuuliza kijana, "Kifaa kipya gani? Mimi simu yangu ni ile ile." Kijana akaanza kuharakisha maneno, shangazi akakata simu na kunipigia.

Kile kijana alichokuwa akifanya ni rahisi kukieleza. Alikuwa amepakua programu ya benki hiyo kwenye simu yake mwenyewe, akaanza kuisajili kwa akaunti ya shangazi, na kilichobaki kilikuwa zile tarakimu sita. Angezipata, akaunti ingefunguka mkononi mwake. Mfanyakazi wa benki hana haja nazo. Mimi nilipokuwa napokea simu niliruhusiwa kumuuliza mteja jina, kitambulisho, pengine muamala wake wa mwisho, ili nijue naongea na mwenye akaunti. Nambari ya siri na tarakimu za ujumbe sikuwahi kuziuliza, maana kwenye mashine yangu hapakuwa hata na mahali pa kuziandika. Kwa hiyo mtu akikuomba usome tarakimu za ujumbe, soma kwanza maneno yaliyozitangulia. Mara nyingi yatakuambia zinafungua nini.

Jumamosi asubuhi nilikaa na shangazi kibandani tukarudia utafutaji ule ule kwenye simu yake. Tokeo la kwanza lilikuwa na neno dogo juu yake, `Sponsored`. Maana yake ni tangazo: mtu amelipia ili akae juu ya wengine. Google huondoa matangazo ya matapeli inapoyagundua, lakini tangazo linaweza kukaa hewani saa kadhaa, na tapeli anahitaji wateja wachache tu. Tukalifungua bila kugusa chochote ndani yake, tukatazama anwani. Sitaiandika ilivyokuwa, ila umbo lake lilikuwa hili:

```
https://benkiyako.co.ke.msaada-wateja.com/ingia
```

Shangazi akasema, "Si unaona jina la benki hapo mwanzo?" Jina lipo, lakini anwani ya tovuti husomwa kutoka kulia. Tafuta mkwaju, yaani alama ya `/`, wa kwanza baada ya `https://`, huo ulio kabla ya neno `ingia`, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Utakutana na `.com`, halafu `msaada-wateja`. Mwenye tovuti ni huyo, yaani aliyesajili `msaada-wateja.com`. Vyote vilivyo kushoto kwake, `benkiyako.co.ke` ikiwemo, anaweza kujiandikia atakavyo bila kumwomba mtu ruhusa. Ingekuwa tovuti ya benki yenyewe, `benkiyako.co.ke` ingegusana na mkwaju. Kwenye simu kazi hii ni ngumu kidogo kwa sababu kioo ni chembamba na anwani ndefu hukatwa, kwa hiyo gusa sehemu ya anwani uione yote mpaka mwisho.

Wengi bado hutafuta alama ya kufuli wakidhani inathibitisha mwenye tovuti. Kufuli inasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti ile yamefichwa yasisomwe njiani, na cheti chake hupatikana bure kwa yeyote, tapeli pia. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo kwenye kompyuta kwa sababu watu walikuwa wakiielewa vibaya.

Na `.co.ke` nayo isikutulize mno, kwani mtu yeyote anaweza kuisajili. Inayobanwa ni `.go.ke`, ambayo ni ya serikali. Ndiyo maana mahali pazuri pa kuanzia ukiwa huna kadi mkononi ni tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, `centralbank.go.ke`, ambayo ina orodha ya benki zenye leseni pamoja na mawasiliano yao. Iandike anwani hiyo mwenyewe juu ya kivinjari, usiitafute tena Google. Orodha ya namna hiyo inaweza kuwa nyuma ya wakati benki ikibadilisha nambari, lakini mpaka hapo utakuwa na anwani ya tovuti ya kweli, na humo ndimo utakamopata nambari ya sasa.

Ukiwa bado na shaka na tovuti fulani, angalia umri wake. Anayejua kutumia kompyuta anaandika:

```
whois benkiyako.co.ke
```

Asiyejua anaweza kutafuta jina hilo kwenye tovuti ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya `.ke`. Tazama mstari wa `Creation Date`. Benki uliyoipita mjini tangu ukiwa mtoto haiwezi kuwa na tovuti iliyosajiliwa wiki mbili zilizopita. Tarehe ya zamani haithibitishi mengi, kwa kuwa majina ya zamani huuzwa na kuibwa. Tarehe mpya sana ndiyo yenye habari.

Tangazo si njia pekee. Kwenye ramani ya Google mtu wa kawaida anaruhusiwa kupendekeza marekebisho ya biashara asiyoimiliki, nambari ya simu ikiwemo. Mwaka 2018 polisi wa jimbo la Maharashtra nchini India walieleza jinsi matapeli walivyobadilisha kwa njia hiyo nambari za matawi ya Bank of India, wateja wakapiga simu wenyewe na kutoa siri zao. Kwa hiyo picha ya jengo unalolijua na nyota za wateja hazisemi lolote kuhusu nambari iliyo chini yake.

Na kuna ujanja mmoja ambao hata mimi ulinishtua. Mwaka 2025 kampuni ya usalama ya Malwarebytes ilionyesha matangazo ya Google yaliyowapeleka watu kwenye tovuti za kweli kabisa za kampuni kubwa, anwani ikiwa sahihi kutoka kulia hadi kushoto, na bado nambari iliyoonekana ukurasani ilikuwa ya matapeli. Tovuti nyingi zina kisanduku cha kutafutia, na maneno unayotafuta huingia kwenye mkia wa anwani. Matapeli walitengeneza kiungo ambacho mkia wake tayari una maneno kama "tupigie simu" na nambari yao. Ukikifungua, tovuti ya kweli inakuonyesha kwa utiifu kile "ulichotafuta", nambari ikiwa katikati ya ukurasa. Utaugundua ukiona mkia mrefu baada ya alama ya `?`, wenye tarakimu za simu na alama nyingi za `%20`, au ukiona nambari iko kwenye kisanduku cha kutafutia ambacho hukuandika kitu. Dawa ni kufuta mkia wote, ubaki na anwani tupu, kisha uende mwenyewe kwenye ukurasa wa mawasiliano.

Ukishapata nambari unayoiamini, iandike kwa kidole, tarakimu moja moja. Kwenye ukurasa wa tovuti nambari inayoonekana na ile inayopigwa ukiigusa zinaweza kuwa mbili tofauti. Ukiwa umeshaigusa, simu huionyesha kabla hujabonyeza kitufe cha kupiga, nawe hapo una nafasi ya kulinganisha. Usiihukumu nambari kwa mwanzo wake pia. Benki nyingi za hapa hutumia nambari zinazoanza na 07 kama yako na yangu.

Ujanja wa Kenya ambao naupenda ni kuanza kutuma shilingi 10 kwa nambari hiyo kupitia M-PESA na kuangalia jina linalojitokeza kabla hujakamilisha, kisha ukaghairi. Jina la mtu binafsi kwenye laini inayodai kuwa ya benki linatosha kukuondoa hapo. Jina lisipotokea haina maana kwamba nambari ni safi.

Simu inayoingia ni jambo jingine kabisa, kwa sababu nambari inayoonekana kwenye kioo inaweza kughushiwa. Safaricom imerudia mara nyingi kwamba ikimpigia mteja hutumia 0722 000 000, na hilo linakusaidia kukataa nambari nyingine yoyote. Ila hata ukiiona hiyo yenyewe, na akaunti yako ikitajwa, kata kisha piga wewe: 100 kwa Safaricom, ya kwenye kadi kwa benki. Kama kweli ni wao waliokupigia, utawapata wao wale wale.

Shangazi tulimpigia benki kwa nambari ya nyuma ya kadi. Karani alifunga njia ya kusajili kifaa, akamweleza aende tawini na kitambulisho kwa sababu nambari ya kitambulisho na ya akaunti zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Nambari ya yule kijana tuliituma kwa 333, bila malipo, ambako Safaricom hupokea taarifa za matapeli. Jumatatu saa sita alikuwa ameshafunguliwa programu yake. Nambari ya benki alitaka kuihifadhi kwenye simu kwa jina "Benki", nikamwomba aiandike kwa kalamu ndani ya jalada la daftari lake la mauzo. Ikihifadhiwa kwa jina, siku tapeli atakapoighushi nambari hiyo, simu yake mwenyewe ndiyo itakayomwambia kwamba benki inapiga.