Kumjulia hali mwenzako wa kazini bila kumchimba

Kumjulia hali mtu bila kumchimba ni kumwandikia maneno machache ya kumwonyesha kwamba anakumbukwa, bila kumdai maelezo ya kinachomsibu. Sehemu ngumu ni hiyo ya kutodai, kwa sababu maswali yetu ya kawaida, hata ya upendo, yanadai. Ukimuuliza mtu "Una nini siku hizi?" umeshampa kazi: ama akufungulie moyo asipotaka, ama atunge uongo. Wengi huchagua "Niko poa tu," na mlango unafungwa hapo.

Daktari wa magonjwa ya akili wa San Francisco, Marekani, Jerome Motto, aliwahi kulipima jambo hili. Kuanzia mwaka 1969 yeye na wenzake waliwafuatilia watu waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Watu hao, 843 kwa jumla, waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likawa linatumiwa barua fupi kwa miaka 5. Barua zilisema tu kwamba wanakumbukwa, wanatakiwa heri, na wakipenda kuandika watafurahiwa. Hazikuwa na maswali wala fomu ya kujaza. Katika miaka 2 ya mwanzo, waliopokea barua walijiua kwa kiwango kidogo kuliko wasiopokea, ingawa baadaye tofauti ilififia. Mwenzako wa ofisini si mgonjwa aliyetoka wodini, lakini umbo la barua zile linafaa kuigwa.

Tuchukue mhasibu mmoja aliyezoea kwenda na mwenzake kwa mama ntilie kila saa saba. Sasa mwenzake anakula mezani pake na spika masikioni, na kwenye grupu la ofisi hacheki tena. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Kaka, habari za jioni. Siku hizi hatuonani kwa mama ntilie, nikaona nikusalimie. Si lazima unijibu. Kesho saa saba nitakuwa pale pale, ukijisikia karibu tule. Na zile risiti za mwisho wa mwezi naweza kuziingiza mimi, ukitaka niandikie 'sawa' tu."

Angalia alichokitaja: hawaonani mahali fulani. Hilo amelishuhudia mwenyewe. Angeandika "naona umebadilika" au "una mawazo sana" angekuwa anatoa hukumu, na mwenzake angeanza kujitetea. Vibaya zaidi ni "watu wanasema hauko sawa", maana hapo mtu anagundua kuwa amegeuka mada ya ofisi. Hata "pole" ina mtego wake. Pole hupewa aliyefikwa na jambo linalojulikana, kwa hiyo ukimpa mtu ambaye hajakuambia kitu atajiuliza nani amekunong'oneza.

"Si lazima unijibu" ndiyo sentensi inayobeba ujumbe mzima. Kwetu salamu ni deni, na asiyeitikia huonekana ana kiburi, hivyo mtu aliyechoka lazima aondolewe deni hilo waziwazi. Msaada nao umetajwa kwa jina: risiti. "Ukihitaji chochote niambie" ni maneno mazuri, ila yanamwachia aliyelemewa kazi ya kufikiria anahitaji nini na kisha kuomba.

Tuma faraghani, si kwenye grupu, na ikiwezekana baada ya kazi, asije akausoma akiwa amekukabili mezani. Andika badala ya kurekodi sauti. Sauti inamlazimu aisikilize yote, na wengine huisikiliza kukiwa na watu karibu. Kama wewe ni bosi wake, risiti ziache nje ya ujumbe kabisa, kwani anaweza kuusoma kama tathmini ya kazi.

Tiki zikigeuka bluu na kimya kikafuata, usiandike "mbona hujibu?" Hapo utakuwa umelirudisha deni ulilosema umelifuta. Baada ya siku kadhaa tuma kitu chepesi cha pembeni, labda matokeo ya mechi au picha ya ule wali maharage aupendao. Akijibu kwa neno moja, pokea hilo neno bila kulifuata na maswali matatu.

Upole huu una mpaka. Mtu akianza kusema amechoka kuishi, akiaga kama anayesafiri, au akigawa vitu vyake vya thamani, acha kuzunguka. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, na usimwahidi kuficha siri hiyo. Mwite ndugu yake au mtu anayemwamini, mkampeleke hospitali siku hiyohiyo.