Hiyo siyo gimbali loki, pembe imevuka sifuri tu

Jumamosi iliyopita nimeisikia mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kijana mmoja hapa Kirumba, Mwanza, anatengeneza gemu ya mashua ya dagaa, akanifungulia kompyuta: mashua imetoka mwaloni, inaelekea kaskazini kwenye ziwa kubwa, mara inaanza kujizungusha kama pia. Kabla sijauliza lolote, mwenzake akatoa hukumu: "Kaka, hiyo ni gimbali loki, hamia kwenye kwatanioni." Kwatanioni ni namna nyingine ya kuandika mkao wa chombo, kwa namba nne badala ya pembe tatu. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Siyo gimbali loki. Ni pembe iliyovuka sifuri, na maana yake ni fupi. Namba za pembe zinapanda hadi 360 kisha zinaanza upya, ilhali hesabu ya kutoa haijui kwamba zinaanza upya. Mashua iliyoelekea nyuzi 350 ikitakiwa kuelekea nyuzi 10, inapaswa kugeuka nyuzi 20 kupita kaskazini. Kompyuta inachukua 10 kutoa 350, inapata hasi 340, na inaipeleka mashua magharibi, kusini, mashariki, ndipo ifike. Sisi wa saa za Kiswahili tusingepaswa kufundishwa hili. Kutoka saa kumi na moja hadi saa moja ni saa mbili, na hakuna mtu Mwanza atakayekwambia urudi nyuma saa kumi.

Sasa hilo neno. Gimbali ni pete. Asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya pacha, likapitia Kifaransa cha zamani, kwa sababu pete hizo hukaa moja ndani ya nyingine. Mabaharia walitundikia dira na taa humo, chombo kiyumbe kinavyotaka lakini dira ibaki imelala sawa. Kila pete inazunguka kwenye mhimili wake. Tatizo hutokea pete ya katikati inapogeuka nyuzi 90: pete ya nje na ya ndani zinajikuta kwenye mhimili mmoja, na ukizungusha hii au ile matokeo ni yale yale. Ulikuwa na njia tatu za kugeuka, sasa unazo mbili. Huko ndiko kukwama kunakosemwa. Vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilikuwa na pete tatu za namna hiyo, na wanaanga walilazimika kuchunga wasiviinamishe kufikia hapo.

Pembe za Euler (tamka Oila, alikuwa mtu wa Basel) zinarithi ugonjwa huo kwa sababu nazo ni mizunguko mitatu inayofuatana. Kwenye Unity, injini ya kutengenezea gemu, unaupata pale `x` inapofika 90 au hasi 90, yaani pua ya chombo ikitazama juu kabisa au chini kabisa. Mashua ya dagaa haifiki huko, labda iwe inazama. Na chombo kilichopatwa na gimbali loki hakijizungushi chenyewe. Unachoona ni kwamba kukigeuza na kukilaza ubavu vimekuwa kitu kimoja.

Turudi kwa kijana. Msimbo wake ulikuwa huu:

```csharp
float lengo = Mathf.Atan2(d.x, d.z) * Mathf.Rad2Deg;
float y = transform.eulerAngles.y;
y = Mathf.Lerp(y, lengo, 5f * Time.deltaTime);
transform.eulerAngles = new Vector3(0, y, 0);
```

Tazama mstari wa kwanza na wa pili. `Atan2` baada ya kubadilishwa kuwa nyuzi inatoa namba kati ya hasi 180 na 180. `eulerAngles` ikisomwa inatoa kati ya 0 na 360. Ni watu wawili wanaopanga bei, mmoja kwa kilo na mwingine kwa debe. Nikamwambia aandike namba zote mbili kwenye skrini kila fremu. Lengo likasoma -10. Mashua ikasoma 350. Ni mwelekeo uleule! Mashua ilikuwa imeshafika, haikuwa na haja ya kugeuka hata kidogo.

Lakini `Lerp`, ambayo kazi yake ni kusogeza namba moja kuelekea nyingine kwa sehemu ya tofauti yao, inaona tofauti ya 360. Kwa fremu 60 kwa sekunde, sehemu inayosogezwa ni 5 gawanya kwa 60, kama asilimia nane, hivyo fremu ya kwanza mashua inaruka nyuzi 30. Kadiri inavyokaribia sifuri inapunguza mwendo, ikiwa nyuzi 5 fremu inayofuata inafika 3.75 tu, na kuendelea. Ikivuka, tuseme ifike -0.5, injini inapokea vizuri tu, ila fremu inayofuata ikiulizwa inajibu 359.5. Tofauti imerudi kuwa karibu 370, na mashua inaruka tena nyuzi 30. Hasi 10 haitafikiwa milele kwa sababu hakuna siku `eulerAngles.y` itasoma hasi. Nilihesabu: mzunguko mmoja kila sekunde 0.7 hivi. Na hiyo ndiyo alama ya ugonjwa huu, inakwenda mbio ikishapita kaskazini na kupoa inapoikaribia. Ghuba ya Mwanza imefungukia kaskazini, kwa hiyo kila mashua inayotoka kwenye gemu yake ilipita palepale penye kasoro. Angekuwa amechora pwani inayotazama mashariki, huenda angemaliza mwaka bila kuiona.

Dawa ni mstari mmoja:

```csharp
y = Mathf.LerpAngle(y, lengo, 5f * Time.deltaTime);
```

Ndani yake inatafuta kwanza tofauti fupi, ile inayotolewa na `Mathf.DeltaAngle`, yaani kati ya hasi 180 na 180. Ukitaka kuiandika mwenyewe, chunga alama ya `%`: kwenye C#, `-340 % 360` inabaki -340, wakati Python inakupa 20. Tumia `Mathf.Repeat`. Na lengo likiwa nyuma yako barabara, nyuzi 180, njia zote mbili zina urefu sawa, kwa hiyo mashua inaweza kusitasita kushoto na kulia. Hapo uamuzi ni wako, hesabu haina la kukusaidia.

Na kwatanioni? Ingeponya mashua hii, kwa kuwa `Quaternion.Slerp` ya Unity inachagua njia fupi. Lakini inachagua kwa sababu aliyeiandika alikumbuka kukagua. Kila mkao una kwatanioni mbili, moja na hasi yake, na ukiandika yako bila kukagua alama hiyo mashua itazunguka njia ndefu vilevile. Ugonjwa ni ule ule umevaa kanzu.

Kuna mahali pia ambapo kufupisha ni kosa. Mashine ya kuvutia nyavu ikizungushwa mara mbili ni nyuzi 720, kamba imeingia ya mizunguko miwili, na ukiigeuza kuwa sifuri umeirudisha nyavu yote majini. Ile ni kiasi cha kuzunguka. Upande ambao mashua inatazama ni mwelekeo. Kiswahili kimetupa neno moja, pembe, kwa vyote viwili, na nadhani nusu ya mkanganyiko inaanzia hapo.

Kwa hiyo mdogo wangu, chombo kikijizungusha tena, sema pembe imevuka sifuri, halafu tuambie kilikuwa kinatazama wapi. Gimbali loki tuiweke mpaka utakapotengeneza ndege.