Je, wajua kwa nini sauti yako hukurudia kwa kuchelewa unaporekodi?

"Nikiimba kwenye maiki, sauti yangu inanirudia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Nikinunua kadi ya sauti ya nje, ya USB, tatizo litaisha?"

Huenda likaisha, lakini si kwa sababu inayotajwa na wengi. Dhana iliyoenea ni kwamba kadi iliyomo ndani ya kompyuta ni ya polepole na ile ya nje ina kasi zaidi. Kumbe kugeuza sauti kuwa namba hakuchukui muda wa kutajika, hata kwenye chipu ya kawaida ya Realtek iliyomo kwenye kompyuta mpakato nyingi. Kugeuza huko hula takriban milisekunde moja tu, iwe ndani au nje. Waya wa USB nao hauna lawama: USB 2.0 ina nafasi ya kupeleka data mara 8,000 kwa sekunde, na hiyo inatosha na kubaki kwa maiki mbili. Ndiyo maana kulipia zaidi ili upate kadi ya USB 3 hakupunguzi kuchelewa kwa namna utakayoisikia. Muda unapotea kwingine kabisa: unapotea kwenye kusubiri.

Sauti inapoingia hupimwa, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Programu ya kurekodia haichukui sampuli mojamoja, bali huzikusanya kwanza mahali panapoitwa bafa. Bafa ni kama daladala ya stendi isiyoondoka mpaka viti vijae. Ukiweka bafa ya sampuli 512 kwa kasi ya 48,000, abiria wa kwanza kuingia anakaa milisekunde 10.7 akisubiri viti vijae. Sauti ikishapita kwenye programu, inapanda daladala nyingine ya kurudi kwenye hedifoni, na hiyo nayo ina viti 512. Kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 21, na bado hujahesabu vituo vidogo vya njiani.

Ukipunguza viti hadi 128, kila safari inashuka hadi milisekunde 2.7. Ila sasa magari yanafika mfululizo, na prosesa lazima imalize kushusha abiria wa gari moja kabla ya jingine kufika. Ikishikwa na kazi nyingine kidogo tu, kama draiva ya Wi-Fi au programu inayojisasisha nyuma ya pazia, gari linafika hakuna wa kulipokea na abiria wanapotea. Hapo ndipo unasikia ule mkwaruzo wa "ta-ta-ta". Kuna tofauti moja muhimu sana hapa. Kuchelewa unakokusikia kwenye hedifoni hakuchafui sauti iliyorekodiwa, bali kunamsumbua anayeimba. Mkwaruzo wakati wa kurekodi, kinyume chake, unaingia kwenye faili na hautoki. Kwa hiyo bafa ndogo haileti sauti bora, na ikizidi udogo inaiharibu.

Sasa, nani anaamua ukubwa wa bafa? Ni draiva, yaani programu inayoiunganisha kadi na kompyuta, na hapa ndipo kadi ya nje inapopata sifa yake. Kwenye Windows, njia ya zamani iitwayo MME hupitisha sauti kwenye kichanganyio cha mfumo pamoja na sauti za programu nyingine zote, kwa bafa kubwa, na mara nyingi safari nzima huvuka milisekunde 100. ASIO, iliyoletwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997, hukwepa njia hiyo na kuiwezesha programu kuzungumza na kadi moja kwa moja. Kadi nyingi za nje za studio huja na draiva yao ya ASIO, na faida kubwa iko hapo. Mtu akiichomeka kisha akaiacha programu yake ya kurekodia, kama Audacity, kwenye MME, amebadilisha tundu la maiki tu. Kile kidude kidogo cha USB chenye matundu mawili, kinachouzwa bei ya chini, kwa kawaida hakina draiva ya namna hiyo, hivyo kwenye kuchelewa hakikuvushi popote.

Ukitaka kujua hali yako halisi, pima. Unganisha waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi tundu la kuingizia, kwenye kadi hiyohiyo. Weka mlio mmoja mkali kwenye treki ya kwanza, kisha urekodi kwenye treki ya pili, ukiwa umezima usikilizaji wa treki hiyo ili sauti isizunguke na kupiga kelele. Vuta karibu picha ya mawimbi ya sauti, uhesabu sampuli kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Kwa kasi ya 48,000, gawanya kwa 48 upate milisekunde: tofauti ya sampuli 480 ni milisekunde 10. Kuna mtego mmoja: programu nyingi husogeza rekodi nyuma zenyewe kufidia kuchelewa, kwa hiyo unaweza kuona karibu sifuri. Kwenye programu ya REAPER, nenda Preferences, Audio, Recording, uondoe tiki kwenye "Use audio driver reported latency" wakati wa kupima, kisha uirudishe.

Milisekunde 10 ni muda wa sauti kusafiri takriban mita 3.4 hewani, na wapiga vyombo wengi hawasumbuliwi nazo. Waimbaji ni wepesi zaidi kuudhika, maana sauti yao wanaisikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, na ile ya hedifoni ikija nyuma kidogo zinagongana na kutoa mlio wa kama bomba.

Kwa mwimbaji, dawa bora haiko kwenye bafa hata kidogo. Kadi nyingi za nje zina kitufe au kinobu kilichoandikwa "Direct" au "Monitor Mix". Ukikiwasha, sauti ya maiki inakwenda kwenye hedifoni humohumo ndani ya kadi bila kupita kwenye kompyuta. Sasa unaweza kuiacha bafa kwenye 512 au 1024, mkwaruzo usitokee, na kuchelewa usikusikie. Kumbuka tu kuzima usikilizaji wa treki kwenye programu. Ukiacha vyote viwili utajisikia mara mbili na kudhani kadi ni mbovu.

Mpiga gitaa anayetumia ampu ya ndani ya programu hana njia hiyo, kwa kuwa sauti anayoitaka inatengenezwa na kompyuta. Yeye ndiye anayehitaji hasa draiva nzuri na bafa ya 64 au 128. Anayepiga kinanda cha MIDI ana nafuu, kwa sababu kinanda hutuma maagizo ya noti tu, na sauti inasafiri upande mmoja tu wa kutoka. Kwake kadi ya ndani pamoja na draiva ya bure ya ASIO4ALL mara nyingi inatosha, na kwenye Mac hahitaji hata hiyo.

Kama kazi yako ni kuhariri, kuchanganya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, au kurekodi mazungumzo bila kujisikiliza, kadi ya ndani inakutosha, maana kuchelewa hakuna wa kumsumbua. Maiki ya USB nayo ina kadi yake tumboni, na ikiwa na tundu la hedifoni, kwa kawaida unajisikia humohumo. Kadi ya nje inakuwa ya lazima ukiwa na maiki ya plagi ya XLR, hasa inayohitaji umeme wa volti 48, au ukitaka kurekodi watu wawili kila mmoja na treki yake.

Kabla ya kutoa pesa, angalia hedifoni zako. Kama ni za Bluetooth, zenyewe huongeza milisekunde 100 au zaidi, na hakuna kadi wala mpangilio wa bafa utakaofuta hilo. Chomeka za waya kwanza, kisha upime upya.